Laini ya tenki la maji: tunauziwa data, tunachohitaji ni muda

Kifaa kidogo cha kupima maji ndani ya tenki, kikitoa taarifa mara nne kwa siku, hutumia kwa mwezi mzima data pungufu ya picha moja inayopigwa kwa simu ya kisasa. Hata hivyo vifaa vya namna hii vinapokufa katika wilaya zetu, mara nyingi havifi kwa kuharibika. Vinakufa kwa sababu kifurushi kimeisha muda wake, au laini imefungwa kwa kutotumika, au betri imenyonywa na modemu inayotafuta mnara usiku kucha. Ndiyo maana napenda kuzungumzia laini yenyewe, ile inayoitwa laini ya mashine, kwa sababu wauzaji wengi wa vifaa huizungumzia kwa sentensi moja tu mwisho wa maelezo yao, wakati hiyo ndiyo itakayoamua kama fedha ya mnunuzi imekwenda na maji.

Kwanza tuelewane laini ya mashine ni nini. Ni laini ya simu kama zile tunazozijua, inatoka kwa makampuni yale yale, inatumia minara ile ile. Tofauti ni kwamba imefungwa isipige simu, na nyingi hazitumi wala kupokea ujumbe mfupi. Inabeba data peke yake. Haina M-Pesa wala haina akaunti ya kukopa salio. Ukiitia kwenye simu yako ya mkononi, itaonyesha mtandao lakini hutaongea na mtu.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nisitie laini ya kawaida tu niliyo nayo nyumbani? Jibu zuri liko Afrika Kusini. Jiji la Johannesburg liliweka laini za simu ndani ya taa za kuongozea magari ili taa ikiharibika itoe taarifa yenyewe. Ilipofika Januari 2011 ikatangazwa kuwa taa zipatazo 400 zimevunjwa, wezi wakachukua laini na kuzipigia simu, na jiji likabaki na bili kubwa ya maongezi pamoja na gharama ya kutengeneza taa. Laini isiyoweza kupiga simu haina thamani hiyo kwa mwizi. Tenki lililoko bondeni, mbali na nyumba, halina mlinzi kuliko taa ya kuongozea magari, na wakazi wa Tarime hawahitaji kufundishwa juu ya wizi.

Sababu ya pili ni ya kisheria. Tangu usajili wa alama za vidole kwa namba ya NIDA ulioanza mwaka 2019, kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Kanuni za usajili wa laini za mwaka 2020 zilimwekea mtu binafsi laini moja kwa kila mtandao kwa ajili ya maongezi, ujumbe na data ya kawaida, na kando ya hapo zikaruhusu laini zisizozidi nne kwa kila mtandao kwa ajili ya mawasiliano ya mashine kwa mashine. Kampuni au taasisi iliruhusiwa hadi hamsini za mashine. Maana yake ni kwamba mfugaji mwenye matenki matatu hahitaji kuazima kitambulisho cha shemeji yake. Anayo nafasi yake kisheria, isipokuwa aombe laini ya aina hiyo kwa jina lake, asichukue laini ya mtaani.

Sasa tuchukue mfano tuupige hesabu. Tuseme mfugaji anakaa Tarime mjini, ana ng'ombe 20 wa maziwa upande wa Sirari, kilometa kadhaa kutoka kwake. Ana simtanki la lita 10,000 lenye upana wa meta 2.2 linalojazwa na pampu. Ng'ombe 20 kwa lita 60 kila mmoja ni lita 1,200 kwa siku, na matumizi mengine tuseme 300. Tenki likijaa linakaa siku sita na nusu hivi. Tatizo lake ni kwamba hajui kama limejaa. Kijana wa zizi anasema limejaa, siku mbili baadaye anapiga simu kwamba maji yamekwisha. Basi mwenye mali anapanda bodaboda mara mbili kwa wiki kwenda kuangalia kwa macho. Kama kwenda na kurudi ni Sh 6,000, hizo ni Sh 48,000 kwa mwezi.

Kifaa kikimpunguzia safari hizo zibaki mbili kwa mwezi, anaokoa Sh 36,000. Tukisema kifaa pamoja na kufungwa ni Sh 250,000 na kifurushi cha data ni Sh 2,000 kwa mwezi, fedha yake inarudi baada ya miezi saba na nusu hivi. Ni biashara inayoeleweka. Lakini angalia hesabu hiyo imesimama juu ya nini: imesimama juu ya kifaa kuendelea kusema kwa miezi minane mfululizo bila mtu kukipandia bodaboda. Kikinyamaza mara moja kwa mwezi, akalazimika kwenda kukiamsha, faida imeanza kuliwa. Bei ya kifaa mnunuzi huiuliza dukani bila kusahau, lakini ni wachache wanaouliza kitakaa siku ngapi bila kuguswa.

Tenki la upana huo lina eneo la meta za mraba 3.8, kwa hiyo kila sentimeta kumi za maji ni lita 380. Kifaa kinapima kina, kinatuma namba fupi. Nashauri fundi asitume kina peke yake. Ujumbe mzuri una vitu vitano na hauzidi herufi ishirini, kama huu:

```
T1,142,3.98,14,507
```

T1 ni jina la tenki. 142 ni kina cha maji kwa sentimeta, yaani lita 5,400 hivi. 3.98 ni nguvu ya betri kwa volti. 14 ni nguvu ya mtandao katika kipimo ambacho modemu hutoa, kinachoanzia 0 hadi 31. Chini ya 10 ni mtandao dhaifu. Na 507 ni namba ya ujumbe tangu kifaa kiwashwe. Hizo namba tatu za mwisho hazimhusu ng'ombe hata kidogo, lakini ndizo zitakazomwambia mwenye mali, akiwa amekaa kibarazani kwake, kwa nini kifaa kimenyamaza. Nitarudi kwenye hilo.

Ujumbe wa herufi ishirini ukishavikwa taratibu zote za intaneti, kufungua mawasiliano, kuthibitisha na kufunga, unakuwa mkubwa zaidi, na baadhi ya mitandao huhesabu kila mawasiliano kwa kukadiria kwenda juu. Tuweke KB 5 kwa kila mara, ambayo ni ukarimu. Mara nne kwa siku kwa siku 30 inakuwa KB 600. Haifiki hata MB moja. Mfugaji huyu akinunua kifurushi cha kawaida cha mwezi cha MB mia kadhaa, atatumia chembe, na siku ya thelathini karibu kifurushi chote kitatupwa. Mwezi unaofuata atanunua tena kingine cha kutupa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba data ikishuka bei wakulima watatumia vifaa hivi kwa wingi. Data ishuke hata iwe nusu ya bei ya leo, tatizo la tenki hili litabaki pale pale. Mwenye tenki hana haja na MB. Anahitaji siku 365. Vifurushi vyetu vimetengenezwa kwa binadamu anayeangalia simu yake kila saa, anayeona ujumbe kwamba kifurushi kinakaribia kwisha, akanunua kingine pale pale. Tenki halisomi ujumbe. Na laini ya data tupu mara nyingi haiwezi hata kupiga zile namba za nyota na reli za kuulizia salio, kwa hiyo hakuna njia ya kujua kutoka kwenye kifaa kwamba kimebakiza siku tatu.

Mfano wa jinsi inavyoweza kufanyika upo. Kampuni ya Kijerumani ya 1NCE ilipoingia sokoni mwaka 2018 ilijulikana kwa kuuza laini ya mashine yenye MB 500 kwa miaka 10, kwa malipo ya mara moja ya euro 10. Ukigawa ni MB 4 na kidogo kwa mwezi. Kwa simu ya binadamu hicho ni kichekesho, hata picha mbili hazipiti vizuri. Kwa tenki letu linalotumia KB 600 ni karibu mara saba ya mahitaji. Simshauri mtu akaagize laini ya nje kwa kukurupuka, kwa sababu laini hizo huishi hapa kama mgeni kwenye mitandao yetu, na lazima uulize kwanza kama inakubaliwa Tanzania, kwa muda gani, na ikifungwa utamlalamikia nani. Ninachosema ni kwamba hesabu ya kuuza muda mrefu na data kidogo imeshafanywa na mfanyabiashara, wala si sadaka.

Kuna kuisha muda kwa aina ya pili ambako kunawapata watu walio waangalifu. Ni kufungwa kwa laini yenyewe. Masharti ya mitandao huweka idadi ya siku ambazo laini ikikaa bila matumizi yanayolipiwa inafungwa na namba hupewa mtu mwingine. Sasa fikiria fundi mwenye nia njema anayetaka kubana matumizi ya betri. Anapanga kifaa kitume taarifa pale tu maji yanaposhuka chini ya robo. Pampu inafanya kazi vizuri, mvua za masika zinanyesha, tenki halishuki. Miezi inapita bila ujumbe. Siku pampu inapoharibika kweli na maji kushuka, kifaa kinaamka kusema, kumbe laini ilishafungwa. Kinga yake ni rahisi: kifaa kiseme angalau mara moja kila siku, hata kama hakina jipya. Na kabla ya kununua, muulize wakala maswali mawili, siku ngapi bila matumizi laini inafungwa, na matumizi yanayohesabiwa ni yapi. Usikubali jibu la jumla. Kuna mahali kuongeza salio tu hakuhesabiwi kama matumizi, na kuna mahali kutumia data ya kifurushi kunahesabiwa.

Sasa tuje kwenye betri, maana laini na betri ni ndugu. Kifaa kikilala kinakula umeme mdogo sana. Kinachokula ni modemu inapotafuta mnara na kutuma. Chukua betri moja ya litiamu ya duara, ile ya tochi kubwa, yenye miliampea-saa 2,600. Modemu ya 2G ikiwa kazini tuipe wastani wa miliampea 150. Ikiamka, ikapata mnara, ikatuma na kuzimwa ndani ya dakika moja, imekula miliampea-saa 2.5. Mara nne kwa siku ni 10. Ongeza 2.4 za kifaa chenyewe kikiwa kimelala, jumla 12.4 kwa siku. Kwa karatasi betri inakaa siku 209. Kwa vitendo hesabu miezi minne hivi, kwa sababu modemu hugoma kabla betri haijakauka, na betri nyingi za madukani hazina ujazo ulioandikwa juu yake.

Kifaa hicho hicho, fundi akiiacha modemu iwake muda wote ikisubiri, inakula kama miliampea 18 kila saa, yaani 432 kwa siku. Betri inakaa siku sita. Siku sita kwa miezi minne, kwa sababu tu ya mstari mmoja wa programu unaosema zima modemu. Nimeona vifaa vya aina zote mbili vikiuzwa kwa bei inayolingana na mnunuzi hana njia ya kuvitofautisha kwa macho. Njia ipo: muombe muuzaji akionyeshe kikiendeshwa na betri tupu bila sola kwa wiki mbili, na uangalie namba ya volti inavyoshuka.

Na kuna hali ya katikati, ambayo ndiyo yetu. Sehemu za bondeni na vijiji vya pembezoni mwa hifadhi, kama Robanda wilayani Serengeti, zina mahali ambapo simu inashika ukiwa umesimama na kukatika ukikaa. Modemu ikikosa mnara haikati tamaa kirahisi, inatafuta kwa nguvu zake zote. Ikitafuta dakika tano badala ya moja, matumizi yanapanda hadi miliampea-saa 52 kwa siku, na ile miezi inakuwa siku 50 kwa karatasi. Kwa hiyo lazima kifaa kiwekewe kikomo: dakika mbili bila mnara, zima, lala, hifadhi namba, jaribu zamu ijayo. Antena yenye waya ikapandishwa juu ya mlingoti wa meta tatu inasaidia kuliko betri ya pili, na ni bei ndogo zaidi.

Paneli ndogo ya sola ya wati moja inatosha na kusaza, kwa kuwa jua letu la saa nne tu kwa siku hutoa umeme mwingi mara kadhaa kuliko unaohitajika. Kasoro yake ni kwamba inaonekana kutoka barabarani. Wengine wanapendelea betri mbili kubwa zisizoonekana na safari moja ya kubadilisha kwa msimu. Sina ugomvi nao. Ila betri ya litiamu isifungwe chini ya mfuniko mweusi wa tenki, pale joto la mchana huiua mapema.

Jambo jingine la umeme ambalo mafundi wa redio wanalifahamu lakini mafundi wapya wanalisahau: modemu ya 2G inapotuma huvuta kwa kufumba na kufumbua hadi ampea mbili. Waya ukiwa mwembamba au betri ikiwa imechoka, volti inaporomoka kwa nukta hiyo na kifaa kinazima na kuwaka upya. Kinaanza tena kutafuta mnara, kinatuma, kinazima. Kinaweza kumaliza betri kwa usiku mmoja kwa mtindo huo. Dawa ni kapasita kubwa ya maikrofaradi 1,000 au zaidi karibu kabisa na modemu, na waya mfupi mnene.

Nilisema nitarudi kwenye zile namba tatu. Kifaa kikinyamaza, mwenye tenki afungue taarifa za wiki iliyopita. Kama volti zilikuwa zinashuka, 3.9, 3.7, 3.6, halafu kimya, ni umeme. Chukua betri uende. Kama volti ni nzuri na mtandao ulikuwa 14 au 15, na kimya kimeanza ghafla siku ya thelathini tangu kununua kifurushi, usipande bodaboda. Nunua kifurushi kutoka kwenye simu yako kwa ile namba ya kifaa na usubiri zamu ijayo. Kama ujumbe unaruka, 507 kisha 511 kisha 512, ujumbe unapotea njiani na tatizo ni mnara au antena. Kama hesabu imerudi 1, kifaa kimezima na kuwaka, na hapo mshuku waya na ile kapasita. Na kama tenki la jirani nalo limenyamaza saa hiyo hiyo, kaa utulie, ni mnara umezimika. Hivyo ndivyo namba chache zinavyookoa nauli.

Ukiwa na taarifa nne, zipange saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 4 usiku. Kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri ng'ombe wamelala na hakuna anayefungua bomba. Kina kikishuka sentimeta kumi katika saa hizo saba, lita 380 zimekwenda mahali. Ama koki inavuja, ama jirani anateka. Hapo kifaa kinakuwa kimefanya kazi ambayo jicho la kijana wa zizi haliwezi.

Sasa nije kwenye tatizo ambalo Dar es Salaam hawalijui, ila sisi wa mpakani tunalijua. Ukiwa Sirari simu yako hukaribishwa Kenya bila kuombwa. Mnara wa Isebania unaweza kuwa na nguvu kuliko wetu. Binadamu anaona jina limebadilika, anarekebisha. Kifaa ndani ya tenki hakioni. Laini ya mashine ambayo haijafunguliwa romingi itajiandikisha ng'ambo au kukataliwa, data haitapita, na betri italiwa kwa majaribio. Iliyofunguliwa romingi ni mbaya zaidi, maana data inapita kwa bei ya nje na salio linakwisha kwa siku chache huku taarifa zikija vizuri kabisa. Huwezi kushtuka mpaka ikate.

Fundi anayefunga kifaa katika kata za mpakani asiondoke bila kuuliza modemu imeandikishwa wapi, kisha aifunge kwenye mtandao wa nyumbani. Kwa laini ya Vodacom Tanzania amri ni hizi:

```
AT+CREG?
AT+COPS=1,2,"64004"
```

Amri ya kwanza ikijibu `+CREG: 0,1` kifaa kiko nyumbani, ikijibu `+CREG: 0,5` kiko ugenini. Ya pili inakilazimisha kubaki kwenye mtandao wenye namba hiyo. Kwa Airtel Tanzania ni `64005`. Namba za mitandao ya Tanzania zinaanza na 640 na za Kenya 639, kwa hiyo ukiona `63902` ujue uko Safaricom. Ukikifunga hivi umekubali hasara moja, kwamba mnara wa nyumbani ukizimika kifaa hakitakimbilia kwa jirani. Kwa tenki la ng'ombe hasara hiyo inavumilika.

Kabla hatujafika mbali, niseme nani asinunue. Mwenye tenki linaloonekana kutoka jikoni kwake anahitaji chelezo, kamba na jiwe lenye rangi nje ya tenki. Mwenye matenki matano katika shamba moja asinunue laini tano. Vifaa vinaweza kuzungumza kwa redio ya masafa mafupi na kimoja tu chenye laini kikapeleka taarifa za wote. Na anayeambiwa kwamba kifaa ni cha NB-IoT na betri yake itakaa miaka kumi, asilipe mpaka mtandao uthibitishe kwamba mnara wa kwake unatoa huduma hiyo. Kifaa cha 2G chenye 4G ndani yake bado ndicho cha uhakika zaidi huku kwetu.

Wala kifaa hakitengenezi pampu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioweka vipima-mwendo vyenye laini kwenye mipini ya pampu za mkono huko Kyuso, Kitui nchini Kenya, kuanzia mwaka 2012, walikuta pampu ikiharibika ilikuwa inakaa siku 27 kwa wastani kabla ya kutengenezwa. Katika jaribio lao muda huo ukashuka chini ya siku tatu. Lakini hawakuweka laini tu. Walikuwa na mafundi waliolipwa, wenye vipuri, wanaosubiri ujumbe. Vyombo vya watumia maji vijijini vilivyo chini ya RUWASA vikitaka vifaa hivi, viulize kwanza ujumbe ukifika saa nane usiku utampata nani.

Ninachowataka makampuni ya simu ni kitu kimoja, na si punguzo. Waweke kwenye maduka yao ya Tarime na Mugumu laini ya mashine yenye MB 20 kwa mwaka mzima, inayolipiwa mara moja, isiyofungwa ndani ya mwaka huo hata ikikaa kimya, na yenye ujumbe wa kukumbusha unaokwenda kwenye simu ya mwenyewe badala ya kwenda kwenye kifaa. Tenki letu linatumia MB 7 na kidogo kwa mwaka. Makampuni yana mipango ya mashine kwa wateja wakubwa wenye magari mamia, na mfugaji mmoja akienda dukani anaangaliwa kama amepotea njia. Kwa hiyo wakati tukisubiri, njia iliyo wazi ni ushirika: chama cha msingi cha kahawa, kikundi cha wafugaji au chombo cha maji kisajili laini kwa jina la taasisi, ambapo kanuni za 2020 zilitoa nafasi ya hamsini, na mtu mmoja mwenye daftari azilipie zote siku moja.

Kwa jina la taasisi, narudia, si kwa jina la muuzaji wa kifaa. Wauzaji wengi huja na laini yao ndani ya boksi, wakisema usihangaike, data ni juu yetu kwa mwaka wa kwanza. Siku muuzaji akifunga duka, au mkigombana, laini ni yake, namba ni yake na taarifa zinakwenda kwenye mashine zake. Mkulima anabaki na tenki na boksi la plastiki. Kabla ya kulipa, mwambie aandike kwenye risiti laini imesajiliwa kwa nani, kifurushi kinaisha tarehe gani, na kama boksi linafunguka ili laini nyingine itiwe. Kama laini imeunganishwa ndani kwa risasi haitoki, bei yake iwe ya kifaa cha kukodi.